Swali la 19: pembetatu isiyofunga

Kisa hiki ni cha mtihani wa majaribio, ule wanafunzi wanauita moki, katika shule moja ya sekondari Nairobi. Majina, muhula na mtaa nimeviondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Hesabu nimeziacha zilivyokuwa, maana kisa chote kiko ndani yake. Nilikuwa mmoja wa walimu walioipitia karatasi hiyo kabla haijachapishwa, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu.

Usuli

Karatasi ilifuata mpangilio wa Hisabati ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya: saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya Kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya Pili ina maswali manane, la 17 hadi la 24, na mtahiniwa huchagua matano yenye alama 10 kila moja. Ukigawa muda kwa alama unapata dakika moja na nusu kwa kila alama, yaani swali la alama 10 lina dakika 15 tu. Tutazirudia dakika hizo 15 huko mbele.

Watahiniwa walikuwa 46. Walioligusa Swali la 19 walikuwa 31, kwa sababu lilionekana jepesi. Ni swali la kipande cha ardhi, na mtoto wa Nairobi amezoea kusikia watu wazima wakizungumzia ploti za Kamulu na Joska. Ploti zile huwa za mstatili, futi hamsini kwa mia. Hii yetu ilikuwa ya pembe tatu, na hapo ndipo ilipotuponza.

Swali lilivyochapishwa

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kama kawaida. Kwa Kiswahili swali lilisema hivi: kipande cha ardhi kina umbo la pembetatu ABC, ambapo AB = 60 m, BC = 45 m na pembe BAC = 50°. Kokotoa (a) pembe ACB, alama 3. (b) urefu wa AC, alama 3. (c) eneo la kipande hicho, alama 2. (d) gharama ya kukizungushia nyaya za mistari mitatu ikiwa waya ni shilingi 25 kwa mita, alama 2.

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne aliyesoma kanuni ya sini anajua pa kuanzia. Upande BC unaikabili pembe A, upande AB unaikabili pembe C, basi:

```
sin C = 60 × sin 50° ÷ 45
      = 45.96 ÷ 45
      = 1.0214
```

Sini ya pembe haizidi 1, kwa hiyo ukiiomba kalkuleta ikupe pembe hiyo itakuandikia `Math ERROR`.

Lakini usiishie kwenye kanuni, chora. Kutoka A toa mstari mrefu unaofanya pembe ya 50° na AB. Mahali fulani kwenye mstari huo ndipo C inapotakiwa kukaa. Umbali mfupi kabisa kutoka B hadi mstari huo ni kimo, nacho ni 60 × sin 50° = 45.96 m. BC imepewa mita 45 tu. Mwenye kamba ya mita 45 amesimama B na ukuta ulio karibu zaidi uko umbali wa mita 45.96. Aielekeze kamba kokote atakako, ukuta hataugusa. Amebakiwa na pengo la sentimita 96, na kwa sababu hiyo pembetatu haifungi.

Yaliyotokea chumbani

Nitawafuata watahiniwa watatu, kwa kuwa kila mmoja alikutana na pengo hilo akiwa na kifaa tofauti mkononi.

Wa kwanza ni kijana wa kalkuleta. Aliandika kanuni vizuri, akabadilisha herufi kwa namba vizuri, akapata `Math ERROR`. Akarudia mara mbili, jambo la haki kabisa. Kisha akadhani kalkuleta yake iko kwenye vipimo vingine vya pembe, akaanza kuvibadilisha hadi akapata namba inayofanana na pembe. Aliipata alipofika kwenye gradi, ambako pembe mraba ni 100 badala ya 90. Huko `sin 50` ni 0.7071, hesabu ikatoa 0.9428, na kalkuleta ikampa 78.4. Akaandika C = 78.4° na kuendelea.

Alikuwa na njia ya kujikamata. Kanuni ya sini inadai 60 ÷ sin C ilingane na 45 ÷ sin A. Kwa digrii, 60 ÷ sin 78.4° ni 61.25, na 45 ÷ sin 50° ni 58.74. Pande mbili hazilingani, na tofauti hiyo haitokani na kukadiria. Kibaya zaidi, kalkuleta ilibaki kwenye gradi. Herufi ndogo ya G ilikaa juu ya kioo na yeye hakuiona. Swali la 22 lilihusu pembe za mwinuko, na jibu lake lote likaharibika ingawa njia ilikuwa safi. Kosa moja la chapa lilimtoza mara mbili. Mtu mwenye shaka na kalkuleta yake aiulize `sin 30`: ikijibu 0.5 iko kwenye digrii, ikijibu 0.454 iko kwenye gradi. Ni sekunde tano tu.

Wa pili ni binti wa bikari. Yeye hakuiamini kalkuleta ilipogoma, akachora. Sentimita 1 kwa mita 10, AB ikawa sm 6, pembe ya 50° kwa kipimapembe, kisha bikari ikafunguliwa sm 4.5 kutoka B. Kwa kipimo hicho pengo la sentimita 96 la ardhini linakuwa chini kidogo ya milimita 1 kwenye karatasi. Penseli isiyochongwa vizuri inaacha alama yenye upana unaokaribia huo. Tao lake lilipita jirani kabisa na mstari, yeye akaliona kama limegusa. Tao linalogusa mstari pahali pamoja tu hufanya pembe mraba, basi C = 90°. Akapima AC, sm 3.9, akaandika mita 39.

Hata angejaribu kujihakiki kwa Pithagorasi asingeshtuka: 45² + 39² ni 3,546, na 60² ni 3,600. Mtu anayechora kwa mkono huiona tofauti kama hiyo kila siku na kuilaumu penseli. Ninalisema hili kwa sababu huwa tunawaambia wanafunzi kwamba mchoro hufichua data mbovu. Hufichua pale kosa linapokuwa kubwa. Hapa mchoro ulificha.

Wa tatu nimwite binti aliyerudi. Alipoona `Math ERROR` alihakiki mambo mawili: herufi ya D ipo kwenye kioo, na namba alizoandika ndizo zilizochapishwa. Kisha akachora mchoro wa haraka usio na vipimo, akakokotoa kimo, akaona 45.96 dhidi ya 45. Akainua mkono. Msimamizi alikuwa mwalimu wa somo jingine. Alimsogelea, akasikiliza, akasema: "Jibu kama lilivyo, mwanangu."

Kumweleza mtahiniwa swali hairuhusiwi, kwa hiyo hadi hapo msimamizi hakukosea. Alikosea kwa kutoufikisha ujumbe popote. Mwalimu wa Hisabati alikuwa ofisi ya walimu, hatua chache tu kutoka chumba cha mtihani, na mtihani ulikuwa bado na zaidi ya saa nzima. Kikaratasi kimoja kingetosha kuleta marekebisho ubaoni kwa wote.

Binti huyo aliacha nafasi, akaenda Swali la 21, akamaliza manne mengine ya Sehemu ya Pili, ndipo akarudi. Kijana wa kalkuleta alituambia baadaye kwamba alikaa kwenye swali hilo zaidi ya nusu saa, akaja kukosa muda wa swali lake la tano.

Jibu la binti aliyerudi

Nalinukuu kwa maneno yangu, kwa ruhusa yake:

"Kwa vipimo vilivyotolewa, kimo kutoka B hadi mstari AC ni 60 sin 50° = 45.96 m, nacho ni kirefu kuliko BC = 45 m. Pembetatu hii haiwezekani. Nachukulia kwamba urefu wa AB na wa BC umebadilishana, yaani AB = 45 m na BC = 60 m. Pembe BAC = 50° inabaki."

Kisha:

```
sin C = 45 × sin 50° ÷ 60 = 0.5745,  C = 35.07°
B     = 180° − 50° − 35.07° = 94.93°
AC    = 60 × sin 94.93° ÷ sin 50° = 78.03 m
Eneo  = ½ × 45 × 60 × sin 94.93° = 1,345 m²
Waya  = 3 × (45 + 60 + 78.03) = 549.09 m
Bei   = 549.09 × 25 = sh. 13,727.25
```

Tazama kwa nini aliichagua dhana hiyo badala ya nyingine, maana alikuwa na nyingi. Angeweza kubuni kwamba BC ni 54, tarakimu zimegeuzwa. Lakini BC ikiwa 54 panatokea pembetatu mbili, moja yenye C ya takriban 58° na nyingine yenye 122°, na swali linauliza pembe moja. Angeweza kusema pembe ya 50° iko B. Hapo pande mbili zingekuwa zimeikumbatia pembe inayojulikana, na hatua ya kwanza ya kawaida ingekuwa kutafuta upande wa tatu kwa kanuni ya kosini. Swali lakini linataka pembe kwanza na upande baadaye. Mpangilio wa (a) hadi (d) ulimwonyesha kwamba mtunzi alikuwa na kanuni ya sini kichwani. Kubadilishana kwa AB na BC kulizitumia namba zilezile zilizochapishwa, kukatoa pembetatu moja tu kwa kuwa upande unaoikabili pembe ya 50° sasa ndio mrefu, na kuziacha hatua zote za swali zikiwa na ugumu uleule. Hakujirahisishia kazi.

Dhana yake haikuwa sahihi. Mtunzi alikusudia BC = 65 m. Kwa 65 unapata C = 45.0°, B = 85.0°, AC = 84.53 m, eneo 1,942.6 m² na gharama sh. 15,714.75. Hakuna jibu hata moja la binti lililolingana na mwongozo wa kusahihisha.

Kosa lilivyoingia

Rasimu ya kwanza ilikuwa na pembe ya 40° na BC = 45. Mtunzi mwenyewe aligundua kuwa hapo panatokea pembetatu mbili, moja yenye C ya 59° na nyingine ya 121°, akaamua kurekebisha vitu viwili kwa pamoja: pembe iwe 50°, BC iwe 65. Kwenye mwongozo alirekebisha vyote viwili. Kwenye faili la maswali pembe ikarekebishwa, BC ikasahaulika. Swali lililofika kwa mwanafunzi lilikuwa nusu la rasimu ya zamani na nusu la mpya, na kila nusu peke yake ilikuwa na maana.

Sisi tulioipitia karatasi tuliisoma tukiwa na mwongozo pembeni. Nakumbuka nilitazama hesabu za mwongozo, nikaona C = 45.0°, nikafurahia jinsi ilivyotoka safi, nikageuza ukurasa. Nilikuwa nahakiki kama mwongozo unajikubali wenyewe, na namba zilizochapishwa kwenye swali sikuzigusa kwa kalamu.

Kwenye meza ya kusahihisha

Aliyegundua kwanza ni mwalimu aliyekuwa na fungu la Sehemu ya Pili. Kwenye karatasi ya tano alisema, "Walimu, hawa watoto wote hawawezi kuwa wamepotea njia moja." Tukaweka kalamu chini.

Mawazo mawili yalitupwa upesi. Kulifuta swali kungewaumiza waliolichagua na kulitolea jasho. Kuwapa wote 31 alama 10 za bure kungewaumiza 15 ambao hawakulichagua, huku aliyeandika mstari mmoja akilingana na aliyefanya kazi. Kwa swali la lazima la Sehemu ya Kwanza alama za bure huenda zingevumilika, lakini kwa swali la kuchagua hapana.

Tukaafikiana kusahihisha kwa alama za njia na alama za usahihi, M na A kama ilivyozoeleka, kwa sharti moja: usahihi upimwe kwa dhana ambayo mtahiniwa ameiandika, mradi dhana hiyo haipunguzi kazi ya swali. Asiyeandika dhana yoyote apate alama za njia tu. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba AC ya 78.03 haiwezi kupewa alama ya usahihi wakati mwongozo unasema 84.53. Tulimwomba aifanye hesabu ya binti yule mwenyewe, kutoka dhana hadi shilingi ya mwisho. Aliifanya, akapata vilevile, akakubali. Binti alipata 10.

Kijana wa kalkuleta alipata 4, zote za njia. Binti wa bikari alipata 3, na hapa ndipo mjadala ulipokolea. Mwalimu kijana, wa miaka miwili kazini, alituuliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: je, vipimo vya swali ni kamili au vimekadiriwa? Ikiwa 60 ni mita nzima iliyokadiriwa, inaweza kuwa 59.5. Ikiwa 50° ni digrii nzima, inaweza kuwa 49.5°. Kimo kidogo kabisa basi ni 59.5 × sin 49.5°, yaani 45.24 m. Na BC ya 45 inaweza kufika 45.5. Pengo limezibika! Kwa vipimo vya kamba shambani pembetatu hii inaweza kuwepo, na pembe C inaangukia kati ya takriban 84° na 96°. Jibu la 90° liko katikati kabisa.

Kwa hiyo binti wa bikari alikuwa na utetezi mzuri kuliko wetu sote. Angeandika tu, "Nachukulia vipimo vimekadiriwa hadi mita nzima na digrii nzima, na kwamba C ni pembe mraba," kisha akakokotoa AC = 60 cos 50° = 38.57 m badala ya kupima kwa rula, ingekuwa vigumu kumnyima alama. Hakuandika. Alilisogeza tao lake milimita moja na kunyamaza, nasi tukawa hatuna namna ya kujua kama aliona pengo na kulihukumu au hakuliona kabisa.

Kulikuwa na mmoja zaidi. Kijana huyo aliandika mistari miwili tu: kimo ni 45.96, kimezidi 45, kwa hiyo pembetatu haipo na (a) hadi (d) hazina jibu. Mimi nilisema apewe 10, kwa sababu kihisabati hilo ndilo jibu kamili la swali lililochapishwa. Wenzangu walisema mtihani unapima pia eneo na mzingo, naye hakuonyesha kama anavijua. Walinishinda kwa kura, akapewa 3 za sehemu (a). Bado sijakubali moyoni, lakini kwa mtahiniwa somo la kura ile liko wazi. Kuthibitisha kosa kunakupa alama za pale kosa lilipo. Ili upate zinazofuata lazima uchukulie kitu na uendelee.

Kilichofaa na kilichoharibika

Katika jibu la binti aliyerudi kilichofanya kazi ni mpangilio. Alianza na ushahidi, namba mbili zinazogongana, 45.96 na 45. Kisha akasema ni kipi anakibadilisha na kipi kinabaki. Sentensi "pembe BAC = 50° inabaki" inaonekana ya ziada, lakini kwa msahihishaji ni dhahabu, maana inamwonyesha mipaka ya dhana na kumwezesha kufuata hesabu bila kukisia. Watahiniwa wawili wengine waliandika juu ya jibu lao "swali lina makosa" na kuendelea na namba zao wenyewe bila kuzitaja. Tulihangaika na karatasi zao dakika nyingi tukijaribu kugundua 55 ya mmoja wao imetoka wapi. Tulipoishindwa, alama za usahihi zikaenda.

Muda nao una uzito wake. Kwa swali la kuchagua, kosa likishathibitika njia ya bei nafuu ni kulihama, kwani pana mengine. Binti alirudi kwa sababu alikuwa na dakika za ziada na tayari alikuwa na nusu ya kazi. Kama angekuwa hana, mistari yake mitatu ya mwanzo ingebaki na alama zake, naye angekwenda zake na swali jingine.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Kijana mwingine katika mtihani uleule aliandika kwenye Swali la 7 kwamba swali limekosewa kwa kuwa mlinganyo hauna jibu. Alikuwa amenakili 2x² − 5x + 4 = 0 na kupata 25 − 32 chini ya kipeo, namba hasi. Karatasi ilisema 2x² − 5x − 4 = 0, ambapo inakuwa 25 + 32, na majibu ni 3.14 na −0.64. Alipoteza alama zote za swali hilo, na kwa haki. Kilichomtofautisha na binti aliyerudi ni kwamba binti alirudi kwenye chapa kabla ya kuituhumu, akalithibitisha kosa kwa njia ya pili isiyopitia kalkuleta wala kanuni ya sini. Aliyepata ajabu kwa njia moja tu bado ashuku mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo

Shule ilibadilisha vitu viwili. Karatasi ikishachapishwa, mwalimu ambaye hajauona mwongozo hupewa nakala ileile ya mwanafunzi na kuifanya yote kwa kalamu, saa mbili na nusu. Na msimamizi akiambiwa swali lina shida, hamjibu mtahiniwa lolote, lakini huandika namba ya swali na kumtuma mtu kwa mwalimu wa somo papo hapo.

Swali la 19 hatukulitupa. Tulilirudisha darasani wiki iliyofuata, BC ikiwa 45 vilevile, na sehemu (a) ikisomeka: onyesha kwamba pembetatu hii haiwezekani, bila kalkuleta. Wengi walichukua majedwali ya logi. Logi ya 60 ni 1.7782, logi ya sini ya 50° inaishusha hadi 1.6625, ukitoa logi ya 45 ambayo ni 1.6532 unabaki na 0.0093. Wakaanza kuitafuta 0.0093 kwenye jedwali la logi za sini, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mmoja akafika 90° ambapo logi ni sifuri kamili na jedwali linaisha. "Mwalimu," akaita kutoka nyuma, "imepitiliza kitabu."